Safu Tatu za Fomu: Kipindi cha Kurejesha Mtaji na Miaka Isiyohesabiwa
(Hotuba kwa wanachama na kamati ya mikopo ya chama cha akiba na mikopo, Dodoma)

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wajumbe wa kamati ya mikopo, na ninyi wanachama mliofika asubuhi hii kutoka Hombolo, Mpunguzi, Kongwa na hapa mjini, nawasalimu nyote. Bodi imenitaka nieleze kwa nini nimependekeza kugusa kile kifungu cha mwongozo wetu wa mikopo kinachosema kwamba mradi usiorejesha mtaji wake ndani ya miaka mitatu usipelekwe kwenye majadiliano. Naomba ieleweke mapema kwamba sikuja kukifuta. Nimekuja kuonyesha kinaona nini, kinaacha kuona nini, na mahali gani kinatufaa.

Kipindi cha kurejesha mtaji ni hesabu ambayo kila mfanyabiashara wa Kibaigwa huipiga kichwani hata kama hajui jina lake. Unachukua fedha uliyoweka, unajumlisha fedha taslimu inayoingia mwaka baada ya mwaka baada ya kutoa gharama za uendeshaji, na siku jumla hiyo inapolingana na mtaji unasema: fedha yangu imerudi. Ikiwa mapato ni sawa kila mwaka, unagawanya tu. Milioni 24 kwa milioni 8 ni miaka mitatu, na umemaliza.

Tatizo limo humo humo katika neno "umemaliza".

Miaka kadhaa iliyopita, katika chama kingine nilichokihudumia kama mhasibu, yaliwekwa mezani maombi mawili siku moja. Tarakimu nitakazozitaja nimezirahisisha ili tuweze kuzifuata pamoja bila kikokotoo, lakini sura ya mambo ni ile ile. Ombi la kwanza lilikuwa la mashine ya kukamua alizeti, pamoja na banda lake na uunganishaji wa umeme, kwa shilingi milioni 24. Mwombaji alionyesha kwamba akishalipa wafanyakazi, umeme, mbegu na matengenezo angebaki na milioni 8 kila mwaka kwa miaka minne, na milioni 4 mwaka wa tano, ambao mashine ingekuwa imechoka na kusimama mara kwa mara kwa ajili ya matengenezo. Ombi la pili lilikuwa la mzee mmoja aliyetaka kupanda zabibu, akiweka nguzo, waya na mfumo wa umwagiliaji wa matone, nalo lilikuwa milioni 24 vilevile.

Zabibu mnaijua. Mzabibu haukupi kitu mwaka wa kwanza, kwa sababu unaufundisha kupanda kwenye waya. Mwaka wa pili unaonja, mwaka wa tatu unaanza kuona mazao, na ukishakomaa hapa kwetu unaupogoa na kuuvuna mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo mzee aliandika sifuri kwa mwaka wa kwanza, milioni 2 kwa mwaka wa pili na milioni 6 kwa mwaka wa tatu. Hapo fomu ikamwishia. Fomu ya chama kile, kama hii yetu, ilikuwa na safu tatu tu: Mwaka 1, Mwaka 2, Mwaka 3. Kwenye ukingo wa karatasi, kwa kalamu ya bluu na kwa mwandiko uliobanana, aliongeza: "mwaka wa 4 hadi wa 12, milioni 8 kila mwaka." Maneno hayo hayakuingia kwenye hesabu yoyote, kwa kuwa hapakuwa na kisanduku cha kuyapokea. Mashine ilirejesha mtaji mwaka wa tatu ukiisha, ikapita. Zabibu ilihitaji 2 na 6 na 8 na 8, yaani mpaka mwisho wa mwaka wa tano, ikakataliwa. Muhuri wa kukataa niliugonga mimi.

Sasa tuiangalie karatasi ile tena, safari hii tukisoma na ukingo wake. Mashine ikisharudisha milioni 24 inabakiza milioni 12 tu, yaani 8 za mwaka wa nne na 4 za mwaka wa tano. Zabibu ikisharudisha milioni 24 inabakiza miaka saba ya milioni 8, yaani milioni 56. Hesabu yetu haikuziona zote mbili, wala ile 12 wala ile 56, kwa sababu mtaji ukishatimia inafunga daftari.

Ili kuona jinsi ufungaji huo wa daftari ulivyo mkali, fanyeni jaribio dogo. Chukueni ombi la zabibu na mfute mapato yote ya mwaka wa sita na kuendelea, kana kwamba mchwa wamelimaliza shamba siku moja baada ya mtaji kurudi. Kipindi cha kurejesha mtaji ni miaka mitano. Kisha yarudisheni mapato yale, na hata myazidishe mara mbili. Kipindi bado ni miaka mitano. Kipimo kinachotoa jibu lile lile kwa shamba lililokufa na kwa shamba linalozaa kwa miaka saba zaidi hakipimi faida ya shamba. Kinapima tu urefu wa safari ya kufika pale mwekezaji alipokuwa kabla hajaanza. Wengi husema kwamba kipimo hiki "kinapunguza uzito" wa miaka ya mbali. Hapana, hakipunguzi. Kinaipa uzito kamili miaka ya kabla ya mtaji kurudi, halafu kinaipa sifuri miaka yote inayofuata.

Na hata katika ile miaka kinayoihesabu, kuna jambo kinalolikosa. Shilingi ya mwaka wa tatu kinaihesabu sawa na shilingi ya leo, ilhali hakuna aliyeko humu anayekopesha kwa namna hiyo. Tuseme fedha ya chama inagharimu asilimia 15 kwa mwaka. Milioni 8 itakayoingia baada ya mwaka mmoja inagawanywa kwa 1.15, na thamani yake ya leo ni milioni 6.96. Ile ya mwaka wa pili inagawanywa kwa 1.15 mara mbili, na kuendelea hivyo. Ukiyarudisha leo mapato yote ya mashine kwa njia hiyo unapata milioni 24.83. Toa mtaji wa milioni 24, na kilichobaki, ambacho wahasibu tunakiita thamani halisi ya sasa, ni kama shilingi laki nane na elfu thelathini. Ukifanya hivyo hivyo kwa zabibu, pamoja na mwaka wake wa kwanza mtupu, unapata milioni 30.56, na ukitoa mtaji inabaki milioni 6.56. Ombi tulilolikataa lilikuwa na thamani karibu mara nane ya lile tulilolikubali.

Mjumbe mmoja wa kamati aliponisikia nikieleza hili alinipinga kwa hoja nzuri, na ninaileta hapa kwa sababu inastahili jibu. Alisema: "Mhasibu, mashine ikifa mwaka wa tano ananunua nyingine, kwa hiyo unalinganisha miaka mitano na kumi na miwili, huo si ulinganifu." Ni kweli. Dawa yake ni kuigawa ile thamani halisi katika miaka ya uhai wa kila mradi, riba ikiwa ndani ya hesabu, ili tujue kila mmoja unaongeza kiasi gani kwa mwaka. Kwa mashine inatoka kama shilingi laki mbili na nusu kwa mwaka, na kwa zabibu kama milioni moja na laki mbili. Hata mashine ikibadilishwa tena na tena kwa bei ile ile, haiifikii.

Lakini sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba kamati ile ilikuwa ya wajinga. Thamani ya zabibu imekaa mbali, na kitu kilichokaa mbali kinaweza kupotea njiani. Nilirudia hesabu nikiuliza mizabibu inatakiwa iishi miaka mingapi ili mradi usipate hasara kwa riba ile ya asilimia 15. Ikiishi mpaka mwisho wa mwaka wa nane, thamani halisi ni hasara ya kama laki tisa. Ni katika mwaka wa tisa ndipo inavuka. Kwa hiyo mradi wote unasimama juu ya swali la mkulima kuliko la mhasibu: je, maji ya kisima kile yatatosha, na chumvi yake mizabibu itaivumilia kwa miaka tisa? Je, ubwiri unga unanyunyiziwa dawa kwa wakati wakati wa unyevu? Je, mnunuzi atakuwepo mavuno yote mawili ya mwaka yakiwa yanaanza kulainika kwenye kreti? Nikapandisha pia riba mpaka asilimia 20, na hapo zabibu ikaingia hasara ya karibu laki tano. Mashine nayo, ile iliyopita bila swali, ikaingia hasara ya zaidi ya milioni moja na nusu. Kipindi chake cha kurejesha mtaji kilibaki miaka mitatu kamili, hakikutikisika hata kidogo.

Kuna wanaosema basi tutumie kipindi hicho hicho lakini kwa fedha iliyopunguzwa kwa riba. Inasaidia nusu. Kwa asilimia 15, mashine inarudisha mtaji kwa namna hiyo baada ya miaka 4.6, na zabibu baada ya miaka 8.4. Mnaona kilichotokea: tumetibu kosa la kupuuza riba, lakini daftari bado linafungwa siku mtaji unapotimia, na zabibu inaonekana mbaya kuliko mwanzo, ingawa ndiyo bora. Faida ya kipimo hiki ni moja, nayo si ndogo. Kinakuambia mradi lazima uishi muda gani kabla haujaanza kukupa chochote juu ya gharama ya fedha, na hilo ndilo swali nililowauliza kuhusu kisima.

Sasa nije mahali ambapo kipimo chetu cha kawaida kinafaa, kwa sababu kinafaa, na ninakitumia kila wiki.

Kinafaa kama chekeche pale ambapo mapato yanalingana kila mwaka na uhai wa chombo unajulikana. Katika hali hiyo kipo kiungo halisi kati ya kipindi cha kurejesha mtaji na thamani halisi ya sasa, si kubahatisha. Kwa riba ya asilimia 15, shilingi moja inayoingia kila mwaka kwa miaka mitatu ina thamani ya leo ya shilingi 2.28. Kwa miaka mitano ni 3.35, na kwa miaka kumi ni 5.02. Tarakimu hizo ndizo ukomo. Chombo cha kuishi miaka mitano chenye mapato sawa kina faida ikiwa kinarejesha mtaji ndani ya miaka 3.35, na kina hasara kikizidi hapo. Cha miaka mitatu lazima kirudishe ndani ya miaka 2.28, yaani miaka miwili na miezi mitatu na kidogo. Cha miaka kumi kinaruhusiwa mpaka miaka mitano.

Tuone maana yake kwa kifungu chetu. Kijana analeta ombi la bodaboda ya shilingi milioni 3, ambayo baada ya mafuta, vipuri na posho yake itamwachia milioni 1.1 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Gawanya: miaka 2.7. Kwa kifungu chetu anapita. Lakini thamani ya leo ya mapato hayo ni milioni 2.51, na hata akiiuza pikipiki mwisho wa mwaka wa tatu kwa laki tano, thamani ya leo ya mauzo hayo ni kama laki tatu na elfu thelathini tu. Bado anapungukiwa kama laki moja na sitini. Kifungu kimoja, ndugu zangu, ni kilegevu kwa bodaboda na ni kikali kwa shamba la zabibu, kwa sababu kimeweka miaka mitatu kwa kila kitu bila kuuliza chombo kinaishi miaka mingapi. Kosa si la kipimo peke yake. Ni la kuweka mstari mmoja kwa vyombo vyenye maisha tofauti.

Upande wa juu nao una ukomo wake, na huu naupenda kwa sababu unaokoa muda mwingi wa vikao. Gawanya moja kwa riba: 1 ÷ 0.15 ni 6.67. Mradi wenye mapato yasiyoongezeka, unaochukua zaidi ya miaka sita na miezi minane kurejesha mtaji, hauwezi kulipa kwa riba ya asilimia 15 hata ungeishi milele. Huo unaweza kurudishwa kwa mwombaji bila kufungua daftari kubwa. Angalieni tu yale masharti: mapato yasiwe ya kupanda mwaka hadi mwaka, na mwishoni pasiwe na kitu cha thamani kinachouzwa, kama kiwanja. Zabibu haimo katika hesabu hii fupi, wala mwembe, wala ng'ombe wa kuzaliana, kwa kuwa mapato yao yanaanza chini na kupanda. Kila mnapoona mwaka wa kwanza na mwaka wa tatu havifanani, liwekeni chekeche pembeni na mpige hesabu ndefu.

Matumizi ya pili ni ya ukwasi, na hapa ndipo chama kama chetu kina sababu halali ya kuogopa. Fedha tunayokopesha ni akiba za wanachama wanaoweza kuja kuzichukua shule zikifunguliwa mwezi Januari. Swali la "itarudi lini" ni swali la kweli kwetu, ila si swali la "mradi una thamani gani", na tumekuwa tukijibu la pili kwa jibu la kwanza. Mzee wa zabibu katika miaka mitatu angepata milioni 8 tu kati ya 24, kwa hiyo mkopo wa miezi 36 kutoka shambani peke yake asingeweza kuulipa, na kumnyima mkopo huo ilikuwa sahihi. Kumwambia mradi wake ni mbaya haikuwa sahihi. Alihitaji mkopo mrefu wenye muda wa neema mwanzoni, au apande kidogo kidogo, au aende mahali penye fedha ya muda mrefu.

Na mtazame mashine yetu kwa jicho hilo hilo. Kipindi cha miaka mitatu na mkopo wa miaka mitatu vinaonekana kama vimeshonwa kwa kipimo kimoja, na ndivyo kamati ilivyofikiri. Lakini mkopo wa milioni 24 kwa asilimia 15 ya salio linalopungua, ukilipwa mara moja kila mwaka kwa miaka mitatu, unadai kama milioni 10.5 kwa mwaka. Mashine inatoa 8. Mwenye mashine alitakiwa aongeze milioni mbili na nusu kila mwaka kutoka mfukoni, na kwa kuwa mfukoni hamkuwa na kitu, alianza kuchelewesha marejesho. Kurejesha mtaji si kurejesha mkopo, maana kile kipimo kinahesabu mtaji mtupu na riba kinaiacha mlangoni.

Niseme kwa ufupi kuhusu namna tarakimu zenyewe zinavyoharibika kabla hazijafika kwetu. Wapo wanaogawanya mtaji kwa mauzo, na mradi wa miaka minne unakuwa wa miezi minane. Wapo wanaogawanya kwa faida iliyokwisha kutolewa uchakavu, na hao wanajidhulumu wenyewe, kwa sababu uchakavu si fedha inayotoka mfukoni. Wanakuwa wamekihesabu chombo mara mbili. Na wengi hawaandiki kazi ya mke na watoto shambani. Lililonisumbua zaidi ni kwamba waombaji walipokizoea kile kifungu cha miaka mitatu, mwaka wa kwanza wa kila ombi ulianza kunenepa. Sikuona tena mwaka wa kwanza wenye sifuri. Mzee wa zabibu aliandika sifuri kwa sababu alikuwa mkweli, na alikuwa bado hajaambiwa na mtu jinsi fomu inavyosomwa.

Pendekezo langu, Ndugu Mwenyekiti, ni dogo. Chekeche libaki kwa mikopo midogo ya vyombo vyenye mapato sawa, lakini ukomo usiwe miaka mitatu kwa wote. Uandikwe kwenye jedwali kwa kadiri ya uhai wa chombo, na jedwali libadilike riba yetu inapobadilika. Ombi lolote ambalo mapato yake yanapanda, au linaloishi zaidi ya miaka mitano, lipigiwe hesabu ya thamani halisi hata kama limeanguka kwenye chekeche. Na fomu iongezwe mistari miwili chini ya zile safu tatu: "Baada ya mtaji kurudi, mradi utaendelea miaka mingapi, na utaingiza kiasi gani kila mwaka?" na "Ni kitu gani kinaweza kuusimamisha kabla ya hapo?" Nakala za fomu hiyo ziko kwa katibu, mezani pale karibu na mlango, na bodi itapokea maoni yenu kabla ya kikao cha kupitisha mwongozo.